Nyuzi za misuli chini ya hadubini: soma viini kwanza, milia baadaye

Mtu akipewa slaidi ya misuli isiyo na jina, kitu cha kwanza anachokitafuta ni milia. Akiiona, anasema ni misuli ya mifupa au ya moyo. Asipoiona, anasema ni misuli laini. Njia hiyo inafaa kwa picha za vitabuni kwa sababu zimechaguliwa kwa uangalifu, lakini kwenye slaidi halisi inapotosha sana. Milia huonekana pale tu wembe ulipopita kwa kufuata urefu wa uzi. Uzi uleule ukikatwa kwa kukingama hauonyeshi mlia hata mmoja, na slaidi ya kawaida huwa na nyuzi zilizokatwa kila upande. Milia hupotea pia mwanga ukizidi, rangi ya waridi ikikolea mno, au tishu ikichelewa kutiwa kwenye fomalini.

Kiini kina uthabiti zaidi. Ukikata uzi wa misuli ya mifupa kwa urefu, kwa kukingama au kwa mshazari, viini vyake vitabaki pembezoni. Ukikata seli ya moyo vyovyote utakavyo, kiini chake kitabaki katikati. Kwa hiyo napendekeza mpangilio huu: ujue kwanza mkato umeelekea wapi, usome mahali pa viini, upime unene wa uzi, kisha ndipo milia ije kuthibitisha ulichokwisha kukishuku. Mwishoni tutaupitia mpangilio huo kwenye slaidi moja ngumu, ya sehemu ya kati ya umio, ambako aina mbili za misuli zimechanganyika katika tabaka moja.

Kuandaa hadubini

Nachukulia slaidi imetiwa rangi mbili za kawaida, hematoksilini na eosini. Viini vitakuwa vya buluu au zambarau, na mwili wa uzi wa misuli utakuwa wa waridi. Mkato wa kawaida una unene wa maikromita 5 hivi.

Anza na lenzi ya 4x ili uione ramani nzima ya tishu, nenda 10x kuchagua mahali, kisha 40x kwa kazi yenyewe. Lenzi ya 100x ya mafuta inasaidia, lakini si lazima. Milia ya misuli ya mifupa hujirudia kila baada ya maikromita 2 na ushei, na lenzi nzuri ya 40x inaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban nusu maikromita. Ukishindwa kuiona milia kwa 40x, mara nyingi tatizo ni mwanga na si ukuzaji.

Hapo ndipo kiwambo cha mwanga kilicho chini ya jukwaa kinapohusika. Kikiwa wazi kabisa, mwanga hujaa na tofauti ndogo za weusi na weupe hufutika. Kifunge taratibu huku ukitazama, mpaka kingo za nyuzi zianze kukolea na milia ijitokeze, kisha simama. Ukikifunga kupita hapo, utaona mistari ya kizakiza kandokando ya kila kitu, hata vumbi, na utaanza kuona milia isiyokuwepo.

Jambo la pili ni kipimo. Kwenye jicho la hadubini huandikwa namba ya upana wa uwanja, kwa mfano 18. Gawanya namba hiyo kwa ukuzaji wa lenzi iliyo karibu na slaidi, na utapata upana wa duara unaloliona kwa milimita. Kwa 40x, 18 gawanya kwa 40 ni milimita 0.45, yaani maikromita 450. Kama hakuna namba, tafuta mshipa mdogo wa damu wenye seli nyekundu ndani yake. Kila seli nyekundu ina upana wa maikromita 7 hivi, nayo ni rula iliyomo ndani ya slaidi yenyewe. Mimi huipendelea kuliko hesabu ya uwanja, kwa sababu imepitia fomalini na kusinyaa pamoja na misuli unayoipima.

Mkato umeelekea wapi?

Kabla hujasema lolote kuhusu aina ya misuli, jiulize wembe ulipitaje. Nyuzi zilizokatwa kwa urefu huonekana kama mikanda mirefu inayokwenda upande mmoja, na viini vyake huwa virefu vikielekea upande huohuo. Zilizokatwa kwa kukingama huonekana kama visiwa vya mviringo au vyenye pembe, na viini vyake huwa vidogo na vya duara, kwa kuwa unavitazama kutoka kwenye ncha. Za mshazari huwa katikati ya hizo mbili: mikanda mifupi yenye ncha, inayoanza na kuishia ghafla.

Mshazari ndio unaodanganya kuliko mikato mingine. Uzi mrefu wa misuli ya mifupa uliokatwa kwa mshazari unaweza kuonekana kama seli fupi iliyochongoka pande mbili, na mtu akadhani ameona misuli laini. Ukikutana na sehemu ya namna hiyo, isogeze slaidi hadi upate mahali ambapo nyuzi zimekatwa kwa urefu safi au kwa kukingama safi. Hakuna sababu ya kutoa uamuzi kwenye mahali pabaya wakati pazuri papo karibu.

Viini: mahali, idadi, umbo

Uzi wa misuli ya mifupa huundwa kwa seli nyingi changa kuungana na kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana uzi mmoja una viini vingi, mamia hata maelfu kwa ule mrefu. Viini hivyo husukumwa hadi chini kabisa ya utando wa nje, kwa sababu nafasi yote ya ndani imejaa vifurushi vya aktini na miosini. Kwenye mkato wa kukingama utaona kisiwa kikubwa cha waridi chenye pembe zilizolegea, na kwenye ukingo wake viini kimoja, viwili au zaidi vilivyobanwa ubavuni. Katikati ya kisiwa hamna kitu. Kwenye mkato wa urefu utaona viini vya yai jembamba, vimepangana kando ya uzi kama mstari uliokatikakatika.

Tatizo hutokea wembe ukipita juujuu, ukakwangua uso wa uzi badala ya kupita katikati yake. Fikiria bomba lililobandikwa vibandiko kwa nje. Ukilitazama kutoka juu, vibandiko vilivyo mgongoni mwa bomba vitaonekana viko katikati ya upana wake, ingawa vimo kwenye ngozi. Viini vya misuli ya mifupa hufanya vivyo hivyo. Namna ya kutambua ni kutumia skrubu ndogo ya kulengea: izungushe polepole kwenda na kurudi. Kama kiini kinalengeka wakati milia iliyo nyuma yake imefifia, na milia ikilengeka kiini ndicho kinachofifia, basi viko kwenye vina tofauti, na kiini kiko juu ya uzi. Kama vyote vinalengeka kwa pamoja, nenda kwenye eneo lenye mkato wa kukingama uthibitishe huko.

Si kila kiini kilicho ukingoni ni cha uzi wenyewe. Kati ya nyuzi kuna tishu unganishi nyembamba yenye kapilari na fibroblasti, na viini vya hivyo hukaa palepale. Kwa kawaida vya fibroblasti ni vyembamba na vyeusi zaidi, na vya kapilari hujikunja kufuata ukuta wa kimshipa. Kwa kutambua aina ya misuli haidhuru ukivichanganya. Linalohitajika ni kujua kwamba ndani ya uzi hamna kiini.

Seli ya moyo ni tofauti. Ni fupi, urefu wake maikromita 100 hivi na upana 10 hadi 20, na ina kiini kimoja, mara nyingine viwili, katikati kabisa. Kiini ni cha yai nono, chenye rangi nyepesi kuliko viini vya fibroblasti vinavyokizunguka. Pande zake mbili, kwenye ncha za yai, huachwa nafasi nyeupe, kwa sababu vifurushi vya nyuzi ndogo hukipita kando kiini na kuungana tena mbele. Nafasi hiyo hujaa mitokondria na, kwa mtu mzima, chembe za rangi ya dhahabu iliyoungua ziitwazo lipofusini. Ukiona kiini cha katikati chenye chembe za kahawia kwenye ncha zake mbili, umeshika alama ya moyo ambayo misuli ya mifupa haina kwa namna hiyo.

Kwenye mkato wa kukingama wa moyo, usitegemee kila kisiwa kiwe na kiini. Seli ina urefu wa maikromita 100 na kiini chake ni cha 10 hadi 15 hivi, kwa hiyo wembe hukikosa mara nyingi kuliko unavyokipata. Visiwa vingi vitakuwa vitupu. Vingine vitakuwa na doa jeupe katikati bila kiini, na hivyo ndivyo vya kuvithamini, kwani wembe ulipita kwenye ile nafasi iliyo kando tu ya kiini. Doa hilo linakuambia kiini kipo katikati hata kama hukioni.

Seli ya misuli laini ina kiini kimoja, nacho kiko katikati pia. Hapo ndipo wengi wanapochanganya misuli laini na ya moyo kwenye mkato wa kukingama, lakini ukubwa huondoa utata. Seli laini imechongoka pande zote mbili, na hata sehemu yake nene kabisa ni ya maikromita 5 hadi 10 tu, karibu sawa na seli nyekundu ya damu. Kwenye mkato wa urefu kiini ni kirefu chenye ncha butu. Seli ikiwa imejikaza wakati tishu inatiwa fomalini, kiini hujisokota kama skrubu. Kiini kilichosokotwa namna hiyo ni ushahidi wenye nguvu, kwa sababu viini vya aina nyingine mbili za misuli havifanyi hivyo.

Kwa kukingama, misuli laini huonyesha vijiduara vya ukubwa usio sawa. Kubwa ni pale wembe ulipokata tumbo la seli, ndogo ni pale ulipokata karibu na ncha. Kiini kitaonekana kwenye vijiduara vikubwa tu, kwa kuwa kiini kinakaa tumboni mwa seli, na kitakuwa kimejaza karibu kijiduara chote. Hakuna misuli nyingine yenye mchanganyiko huo wa vijiduara vikubwa vyenye kiini na vidogo visivyo nacho, vyote vikiwa vimebanana.

Milia, na mistari inayofanana nayo

Sasa milia. Ndani ya misuli ya mifupa na ya moyo, nyuzi ndogo za aktini na miosini zimepangwa kwa vipande vinavyojirudia viitwavyo sakomea. Penye miosini hushika rangi zaidi na kuwa mlia mweusi. Penye aktini peke yake huwa mlia mweupe, na katikati ya mweupe hupita mstari mwembamba mweusi ambao ndio mpaka wa sakomea moja na nyingine. Urefu kutoka mpaka hadi mpaka ni maikromita 2 hadi 2.5 misuli ikiwa imepumzika. Kwa lenzi ya 40x utaona weusi na weupe tu. Ule mstari mwembamba unahitaji lenzi ya mafuta na slaidi nzuri.

Misuli laini ina aktini na miosini zilezile, ila hazikupangwa kwa safu. Zimetandazwa mshazari ndani ya seli, kwa hiyo hakuna cha kujirudia na mwili wa seli huonekana wa waridi sawasawa.

Milia ya mifupa hukatiza upana wote wa uzi bila kukatika, kwa sababu nyuzi ndogo zote ndani yake zimesimama sambamba. Ya moyo huwa hafifu zaidi, kwa kuwa mitokondria wengi hujipenyeza katikati ya vifurushi na kuvunja safu. Mtu aliyezoea milia ya mifupa anaweza kuitazama slaidi ya moyo kwa 10x na kuapa kwamba haina milia. Nenda 40x, funga kiwambo kidogo, tafuta uzi mmoja uliokatwa kwa urefu safi, na utaiona.

Kama bado una shaka na una vichujio viwili vya mwanga uliopolaraizwa, weka kimoja chini ya slaidi na kimoja juu yake, zungusha hadi uwanja uwe mweusi, kisha zungusha slaidi. Milia yenye miosini itang'aa, na ile myeupe itabaki giza. Rangi nyingine, kama hematoksilini ya chuma, hukoleza milia vizuri kuliko rangi za kawaida.

Tahadhari kubwa ni mistari isiyo milia. Kwenye misuli laini, seli kadhaa zilizo jirani zinaweza kujikaza pamoja tishu inapoingia kwenye fomalini, na kuacha mikanda ya waridi iliyokolea inayokatiza seli nyingi kwa mkupuo mmoja. Kwa haraka huonekana kama milia. Itofautishe kwa vigezo viwili: mikanda hii ni mipana na imeachana kwa umbali usio sawa, na inavuka kutoka seli moja hadi nyingine bila kujali mipaka. Milia halisi ni myembamba, umbali wake haubadiliki, na hukoma kwenye ukingo wa uzi.

Kuna pia mistari ya wembe uliotetemeka. Hii hukatiza kila kitu slaidini, misuli, mishipa na tishu unganishi, kwa mwelekeo mmoja. Fuata mstari hadi nje ya misuli. Ukiendelea ndani ya tishu jirani, umeshajua ulikotoka.

Alama mbili za moyo pekee

Viini vya katikati pamoja na milia vinatosha kuitambua misuli ya moyo, lakini kuna alama mbili zinazofunga mjadala. Ya kwanza ni matawi. Seli ya moyo hugawanyika na kushikana na jirani zake, hivyo mkato wa urefu huonekana kama wavu, wenye mianya myembamba iliyojaa kapilari kati ya matawi. Usiitegemee alama hii peke yake, kwani nyuzi za ulimi na za uso, ambazo ni misuli ya mifupa, nazo huweza kutoa matawi.

Ya pili ni diski za kuunganisha, mahali ambapo ncha ya seli moja imeshonwa kwenye ncha ya nyingine. Chini ya rangi za kawaida huonekana kama mstari mmoja uliokolea kuliko milia, unaokatiza uzi, mara nyingi kwa ngazi: unakwenda kidogo, unashuka kwa pembe, unaendelea tena. Zitafute kwa kufuata uzi mmoja kutoka kiini hadi kiini, kwa kuwa diski lazima iwe mahali fulani kati ya viini vya seli mbili zilizofuatana. Ukitangatanga uwanja mzima utachoka. Ukifuata uzi mmoja, utaipata ndani ya maikromita 100. Hakuna misuli nyingine yenye diski hizi.

Mfano: slaidi ya sehemu ya kati ya umio

Umio wa binadamu una misuli ya mifupa sehemu ya juu na misuli laini sehemu ya chini, na katikati hizo mbili huchanganyika. Chukua slaidi ya sehemu hiyo ya kati, bomba likiwa limekatwa kwa kukingama, na tuifanye hatua kwa hatua.

Kwa 4x utaona uwazi wa bomba uliokunjamana, umezungukwa na epithelia nene ya tabaka nyingi. Ukitoka ndani kwenda nje utakutana na utepe mwembamba wa misuli chini ya utando wa ute, kisha tishu unganishi iliyolegea yenye mishipa na tezi, kisha ukuta mnene wa misuli wenye tabaka mbili. Usifanye haraka kuingia kwenye ukuta. Jiulize kwanza mkato umeelekea wapi katika kila tabaka. Tabaka la ndani linazunguka bomba, kwa hiyo mkato wa kukingama wa bomba unazikata nyuzi zake kwa urefu. Tabaka la nje linakwenda na bomba, kwa hiyo nyuzi zake zimekatwa kwa kukingama. Kabla hujafika 40x tayari unajua kwamba milia itafutwe tabaka la ndani, na kwamba tabaka la nje litaamuliwa kwa viini na ukubwa peke yake.

Nenda 10x kwenye ule utepe mwembamba chini ya utando wa ute. Kwa binadamu utepe huu ni misuli laini tu, na nyuzi zake nyingi zinakwenda na urefu wa bomba, hivyo utaona vijiduara vidogo vilivyobanana. Panda 40x na uvikariri: ukubwa wake ukilinganisha na seli nyekundu za damu, na jinsi viini vinavyokaa kwenye vijiduara vikubwa tu. Hicho ndicho kigezo chako ndani ya slaidi hiihii, chenye rangi ileile na unene uleule.

Sasa sogea hadi tabaka la nje. Kwa 40x uwanja utagawanyika wenyewe. Upande mmoja utaona vijiduara vinavyofanana na vile ulivyotoka kuvikariri. Upande mwingine, au katikati yao, utaona visiwa vikubwa zaidi, kila kimoja kikiweza kubeba seli nyekundu kadhaa zikipangwa kukikatiza. Nyuzi za umio ni nyembamba kuliko za paja, kwa hiyo usitegemee ukubwa wa kutisha. Tazama viini. Vile visiwa vikubwa vina viini ukingoni, na hakuna hata kimoja chenye kiini katikati. Hiyo ni misuli ya mifupa, na umeitambua bila kuona mlia.

Mtu makini atauliza: mbona visiwa hivyo visiwe vya moyo? Ukubwa hauwezi kujibu peke yake, kwa kuwa uzi mwembamba wa mifupa na seli nene ya moyo hukaribiana. Pitia visiwa 30 au 40. Kama vingekuwa vya moyo, baadhi vingekuwa na kiini cha katikati, na vingine vingekuwa na lile doa jeupe. Usipoona kimoja wala kingine kwenye idadi hiyo, na ukingoni viini vimejaa, swali limejibika.

Kisha rudi tabaka la ndani kuthibitisha. Tafuta uzi mpana uliokatwa kwa urefu, funga kiwambo kidogo, zungusha skrubu ndogo. Milia itatokea ikikatiza upana wote wa uzi, huku viini vyembamba vikiwa kandokando. Pembeni yake kutakuwa na kifurushi cha seli nyembamba za waridi lisilo na mlia, kila moja ikiwa na kiini kirefu ndani yake. Zikiwa zimejikaza utaona na vile viini vya skrubu. Hapo una aina mbili kwenye uwanja mmoja, chini ya mwanga uleule.

Kati ya tabaka hizo mbili kuna vikundi vya seli kubwa za neva zenye kiini cha mviringo na kidoa kilichokolea ndani yake. Si misuli, wala usizihesabu kama misuli yenye kiini cha katikati. Na kama slaidi ni ya mnyama, ulizia ni mnyama gani: umio wa mbwa una misuli ya mifupa hadi chini, kwa hiyo mchanganyiko huu hautaupata.

Pale kanuni ya viini inapoyumba

Kuna tishu isiyo misuli kabisa inayoweza kusomwa kama misuli laini, nayo ni kano. Zote mbili ni za waridi, hazina milia, na zina viini virefu. Tofauti imo katika mahali pa kiini. Kwenye kano viini vimebanwa kati ya nyuzi za kolajeni, ni vyembamba na vyeusi, na waridi lililo kando yake halina seli. Kwenye misuli laini kiini kimezungukwa pande zote na waridi la seli yake, na ncha zake ni butu. Ukibaki na shaka, omba mkato wa pili utiwe rangi ya trikromu ya Masoni: misuli itakuwa nyekundu na kolajeni itakuwa ya buluu au kijani.

Na misuli ya mifupa yenyewe inaweza kuwa na viini vya katikati. Hata kwenye misuli yenye afya, nyuzi chache, karibu 3 kwa kila 100, huonyesha kiini ndani, na idadi hupanda karibu na mahali misuli inapoungana na kano. Misuli iliyoumia na kujijenga upya huwa navyo vingi zaidi, kwa sababu uzi mpya huanza na viini katikati kabla ya kuvisukuma nje. Ukikutana na nyuzi nene zenye milia kali na viini vya katikati, usikimbilie kusema ni moyo. Fuata uzi mmoja kwa urefu. Ukivuka viini kadhaa mfululizo ndani ya uzi uleule bila kukutana na diski wala tawi, ni misuli ya mifupa, na viini vyake vya katikati uviandike kwenye ripoti kama jambo la kuchunguzwa, ukitaja ni nyuzi ngapi kati ya ngapi ulizohesabu.